Uzi: Vibao vitatu vya hoteli, Kiswahili na Kiingereza. Niandike nini ili mtu aelewe kwa kutupia jicho tu?

Hashil_Mwembe
Assalam alaykum wana jukwaa. Naendesha hoteli ya chakula Mwembe Tayari na nataka kuchapisha vibao vitatu. Cha kwanza ni cha mlango wa jikoni, ambao uko mwisho wa ujia uleule unaokwenda vyoo vya wateja. Cha pili ni kile cha manjano cha kusimamisha chini tukipiga deki. Cha tatu ni cha lango la nyuma. Uchochoro wetu umeunganisha njia mbili, watu wameufanya njia ya mkato, na wanapita kando kabisa ya karai la mafuta yanayochemka.

Wateja wangu ni wa kila aina: makuli na watu wa soko, watu wa ofisi, wasafiri wanaosubiri basi, na wageni wa nje mara mojamoja. Haya ndiyo niliyompa fundi:

STAFF ONLY / WAFANYIKAZI PEKEE
WET FLOOR / SAKAFU NYEVU
NO ENTRY / HAKUNA KUINGIA

Nikiyatazama naona Kiswahili kinaburutwa nyuma ya Kiingereza. Nataka kila mmoja asome kwa lugha yake na miguu isimame hapohapo. Nisaidieni kabla fundi hajakata ubao.

MwalimuTudor
Wa alaykum salaam ndugu Hashil. Kwanza ondoa "wafanyikazi". Nakubali Kenya nzima inalisema, lakini la sanifu ni "wafanyakazi". Pili, "hakuna kuingia" ni tafsiri ya neno kwa neno. Andika kwa ukamilifu: "Hairuhusiwi mtu yeyote kuingia isipokuwa wafanyakazi." Hapo hakuna atakayesema hakuelewa. Kwa sakafu, "nyevu" kisarufi ni sawa, usiibadilishe.

FundiVibao_Kibokoni
Mwalimu, shikamoo. La wafanyakazi uko sawa. Ila sentensi yako ina maneno sita, na mtu anayetafuta choo huku na huko mbio hasimami kusoma maneno sita. Anasoma moja, labda mawili, na mkono tayari uko kwenye kitasa.

Hashil, kazi hii naifanya miaka mingi na tatizo ninaloliona kila siku ni hili: mwenye duka huandika Kiingereza kwanza, halafu hutafuta Kiswahili cha kila neno. Lugha hizi mbili hazina haja ya kutafsiriana ubaoni. Zinatakiwa zimsimamishe mtu mahali pamoja, kila moja kwa namna yake. WET FLOOR kinamwambia Mwingereza hali ya sakafu, naye amezoea kuyaona maneno hayo pamoja tangu utotoni, hasomi tena, anayatambua tu. SAKAFU NYEVU hakuna Mswahili aliyezoea kuyaona pamoja. Itambidi afikiri: nyevu ni nini, kuna nini? Akimaliza kufikiri ameshakanyaga.

Sisi tukimwonya mtu hatusemi sakafu ikoje, tunasema itakachomfanya. Mama akimwona mtoto anakimbilia uani baada ya mvua hupiga kelele gani?

Bi_Mwanasiti
"We! Panateleza hapo!"

FundiVibao_Kibokoni
Basi, dada, ndilo hilo. PANATELEZA. Neno moja, herufi kumi. Na WET FLOOR ukihesabu na nafasi katikati ni tisa, kwa hiyo mistari miwili inakaa upana mmoja na herufi za kimo kimoja, hakuna inayobanwa.

MwalimuTudor
Nimelipenda. Na kisarufi limesimama: "pa" inaonyesha mahali mahsusi, hapa hapa unapotazama. Naondoa pendekezo langu la "nyevu". Lakini si ungeanza na "Tahadhari"?

FundiVibao_Kibokoni
Hapana, mwalimu. TAHADHARI linakaa pale juu, mahali bora pa ubao, na halisemi tahadhari ya nini. Kazi ya kutahadharisha inafanywa na rangi ya manjano na pembetatu yenye mtu anayeanguka. Alama hiyo ni ya kimataifa, kwenye orodha ya ISO 7010 ni W011, na wachapishaji wengi wanayo tayari kwenye kompyuta. Mwombe aiweke kubwa, ichukue karibu nusu ya uso wa kibao. Asiyesoma lugha yoyote kati ya hizi mbili atabaki na picha.

Zuhura_Usafi
Naongezea hapo kwa sababu nasimamia wasafishaji kwenye jengo la ofisi hapa mjini. Vile vibao vya kukunja vina nyuso mbili. Wengi huchapisha uso mmoja Kiingereza na wa pili Kiswahili, wakidhani wametenda haki. Lakini mtu huja kutoka upande mmoja! Anayetoka vyooni anaona Kiingereza peke yake, anayetoka mezani anaona Kiswahili peke yake. Lugha zote mbili ziwe kwenye kila uso.

Pili, kibao kiwekwe kabla ya deki. Wasafishaji wangu walikuwa wakipiga deki kwanza, halafu wanakwenda stoo kukitafuta. Dakika hizo ndizo watu huanguka. Kwa ujia wako unaoonekana kutoka pande mbili, nunua viwili, kimoja kila mdomo wa ujia. Kimoja katikati maana yake mtu akikifikia ameshaingia majini.

Tatu, na hili ndilo gumu: kiondolewe sakafu ikikauka. Pale kwetu kilikuwa kinasimama mlangoni kutwa nzima, kikawa kama sehemu ya ukuta. Siku iliyomwagika sabuni kweli, mama mmoja alipita kando yake bila kukitazama, akaanguka na kuumia kiuno. Kibao kilikuwepo na maneno yalikuwa sahihi, ila watu walikuwa wameshajifunza kuwa kinadanganya.

Hashil_Mwembe
Zuhura dada, shukran sana. Sasa miezi ya masika, Aprili na Mei, taili zangu hazikauki. Nafanyaje? Kisimame tu?

Zuhura_Usafi
Hapo kibao hakikutoshi. Unyevu wa hewa ni mwingi, maji yanakaa. Tumia mpira wa kusukumia maji baada ya deki, kisha upitishe mopu iliyokamuliwa, weka na mkeka mzito wa mpira mlangoni watu wafute viatu. Na chunguza kama ni maji kweli. Karibu na jikoni mara nyingi ni mafuta membamba yaliyosambazwa na mopu ileile ya jikoni. Paka kidole sakafuni ikiwa kavu: kikiteleza, ni mafuta, na hayo yanataka sabuni ya kukata mafuta na maji ya moto, na mopu ya ujia iwe mbali na ya jikoni.

Wakili_wa_Ganjoni
Kwa kuwa mmegusa kuanguka, niseme kidogo. Kuna sheria ya wajibu wa mwenye jengo kwa wageni wake, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya. Onyo peke yake halikuondolei wajibu, isipokuwa kama lilitosha kumfanya mgeni awe salama kwa kiasi cha haki. Kwa hiyo kibao asichokielewa mteja, au kilichowekwa mahali asipokiona, hakitakusaidia sana mbele ya hakimu. Alichosema Zuhura kuhusu nyuso mbili kina uzito wa kisheria pia.

Dereva_Changamwe
Mimi nasema NO ENTRY ni rahisi, weka ile duara nyekundu yenye mstari mweupe wa kulala katikati. Kila dereva anaijua, hata maneno hayahitajiki. Mjini hapa tatizo ni matuktuk, wanaiona na wanaingia tu njia ya upande mmoja. Kaunti inafaa iweke hata polisi pale. Juzi nimekutana na tuktuk uso kwa uso...

Hashil_Mwembe
Pole kaka, lakini langu ni lango la watu wa miguu, hakuna gari linalopita. Ni uchochoro wa upana wa mikono miwili.

FundiVibao_Kibokoni
Dereva kasema nusu ya kweli. Ile duara inaeleweka upesi sana, lakini kwa anayeendesha. Mtu wa miguu akiiona anajua ni habari ya magari, haimhusu. Umeona mara ngapi watu wakitembea kwa amani kupita chini yake? Kwa waendao kwa miguu tumia duara nyekundu yenye mtu anayetembea na mstari mwekundu wa mshazari juu yake. Hiyo ni P004 kwenye orodha ileile.

Na hapo nakuonya jambo la Mombasa hasa. Rangi nyekundu ya stika za bei nafuu ndiyo inayokufa kwanza juani. Lango lako likitazama magharibi, jua la alasiri litaila. Kwanza inakuwa ya waridi, kisha inapotea kabisa, na nyeusi inabaki. Unajua kinachobaki? Mtu mweusi anatembea kwa raha zake kwenye ubao mweupe. Kibao cha kukataza kimegeuka kuwa kibao cha kukaribisha. Nimeviona vingi hivyo mjini. Taka stika yenye karatasi ya juu ya kuzuia jua, au nyekundu ipakwe kwa rangi ya mafuta, na uwe unaikagua. Ikianza kuwa ya waridi, badilisha.

Hashil_Mwembe
Hilo sikulifikiria kamwe. Na maneno? USIINGIE au MARUFUKU KUINGIA?

FundiVibao_Kibokoni
USIINGIE lina herufi nane, NO ENTRY pamoja na nafasi ni nane. Kwa macho yanakaa vizuri mno. Lakini lina mitego miwili. Wa kwanza, mafundi huandika USINGIE, i moja. Mwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa na umwambie azihesabu mbele yako. Wa pili ni mbaya zaidi. Ubao ukiwa mwembamba, fundi hukata neno: USI juu, INGIE chini. Sasa msomaji wa haraka anaona INGIE, na akili inalisoma INGIA. Katazo letu liko mwanzoni mwa neno, limeshikamana nalo. Ukilitenga, ubao unasema kinyume. Neno hilo halikatwi hata ubao uwe wa upana gani. Kama halienei, punguza herufi au geuza ubao ulale.

MwalimuTudor
Ndiyo maana mimi nitatetea MARUFUKU. Neno la kukataza linatangulia peke yake, linaonekana kabla ya lile la kuingia, kama NO ya Kiingereza. Na halimnyooshei mtu kidole. "Usiingie" kwa mzee wa makamo ni kama unamfokea.

Bi_Mwanasiti
Kweli mwalimu, kwetu hata mlangoni mwa jirani mtu hupiga hodi na hujibiwa kwa adabu. "Tafadhali usiingie" ni bora.

FundiVibao_Kibokoni
Bi Mwanasiti, adabu naikubali, ila TAFADHALI iwe ndogo na iwe chini, au uiache kwenye kibao cha mlango wa jikoni. Langoni penye mafuta ya moto, adabu ni mtu asiungue. MARUFUKU ni neno zuri na linajulikana na wote. Ubaya wake ni kuwa MARUFUKU KUINGIA inataka mistari miwili, na kila mstari unapunguza kimo cha herufi.

Juma_Likoni
Samahani wakubwa. Mimi hukatiza vichochoro kama hivyo nikikimbilia feri asubuhi, kwa hiyo naongea kama mkosaji wenu. Mtu kama mimi haingii kwako, nataka kutokea upande wa pili. Ukiniandikia USIINGIE nasema sawa, mimi siingii hotelini, napita tu. Ukiniandikia HAPANA NJIA naelewa mara moja kuwa sitatokea, narudi.

Hashil_Mwembe
Juma umenifungua macho. HAPANA NJIA basi!

Zuhura_Usafi
Lakini Hashil, njia si ipo? Juma akiona watu wawili wanatokea upande wa pili na mifuko yao, kesho hatakiamini kibao. Ni yaleyale ya kibao cha deki kinachosimama sakafu ikiwa kavu. Ningeandika USIPITE, na chini yake sababu: MAFUTA YA MOTO. Mtu akijua kwa nini, anatii.

Juma_Likoni
Sababu ni sawa, lakini mwenye kuchelewa feri atajiambia nitapita pembeni. HAPANA NJIA hainipi nafasi ya kujadiliana.

FundiVibao_Kibokoni
Hapo mimi siwaamulii. Fanyeni jaribio ninalolifanya na wateja wangu: andika yote mawili kwenye simu kwa herufi kubwa, muonyeshe mpita njia kwa muda wa kutamka "moja", uifiche, kisha umuulize, "ungefanya nini?" Usimuulize maana yake, muulize angefanya nini. Akisema "ningesoma tena", neno limeshindwa.

Mama_Samaki_Old_Town
Mie nina swali la kibao cha jikoni. Huleta samaki kwenye hoteli kadhaa asubuhi. Penye WAFANYAKAZI TU mie huingia moja kwa moja, kwani nafanya kazi, beseni liko kichwani. Hoteli moja nikazuiwa na kuambiwa "wewe si staff". Sasa wafanyakazi ni nani?

FundiVibao_Kibokoni
Mama, swali lako ni la maana kuliko yetu yote. STAFF kwa Kiingereza ni walioajiriwa hapo. Mfanyakazi kwa Kiswahili ni yeyote afanyaye kazi: fundi wa bomba, mleta mkaa, wewe. Kama Hashil anataka uingie, WAFANYAKAZI TU inatosha. Kama hataki, basi aandike WAFANYAKAZI WA HOTELI TU, na aseme mizigo inapokelewa wapi.

Hashil_Mwembe
Nataka mama aingie, samaki hawawezi kukaa mezani kwa wateja! Ninaowazuia ni wateja wanaotafuta choo.

FundiVibao_Kibokoni
Basi dawa yako si maneno ya mlango peke yake. Mtu anaingia jikoni kwa sababu anatafuta kitu. Mpe anachokitafuta kabla hajafika: CHOO / TOILET na mshale, pale ujia unapogawanyika. Kisha mlangoni JIKONI / KITCHEN kwa herufi ndogo juu, na chini WAFANYAKAZI TU / STAFF ONLY kwa kubwa. Nusu ya watu watageuka wakiona neno JIKONI tu. Kati ya TU na PEKEE chukua TU, lakini likae mstari mmoja na WAFANYAKAZI, lisianguke peke yake chini.

Vipimo je? Ujia una urefu gani, na mlango huo hufungwa?

Hashil_Mwembe
Tangu mwanzo wa ujia hadi mlangoni ni kama mita sita. Mlango hatuufungi, tunauegesha ukutani kwa ndoano kwa sababu ya joto.

FundiVibao_Kibokoni
Nilijua! Kibao ukikibandika kwenye mlango huo kitatazamana na ukuta kutwa nzima. Kiweke juu ya fremu, au bora zaidi utundike mlango nusu wa mbao unaojirudisha, kibao kikae hapo. Hewa inapita juu na chini, na mtu anasimamishwa na mbao hata kabla ya kusoma.

Kwa kimo, sisi hukadiria sentimita mbili na nusu za herufi kwa kila mita tatu za kusomea kwa raha. Mita sita, herufi ya sentimita tano. Herufi nene kubwa pamoja na nafasi yake huchukua kama sentimita nne za upana. WAFANYAKAZI TU ni nafasi kumi na nne, kwa hiyo sentimita 56. Weka pambizo, unapata ubao wa sentimita 65 hivi, unaolala. Mlango wako utaubeba. STAFF ONLY itachukua 40 tu, na hapo fundi atakuambia aikuze ijaze ubao. Mkatalie. Ukikuza Kiingereza kwa sababu tu ni kifupi, Kiswahili kinaonekana kama maelezo ya chini ya ukurasa. Kimo kiwe kimoja.

Na usikubali achanganye lugha mstari kwa mstari, STAFF, halafu WAFANYAKAZI, halafu ONLY, halafu TU. Nimeiona imetundikwa. Hakuna lugha hata moja inayosomeka hapo.

Wakili_wa_Ganjoni
Ipi iwe juu? Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Ningeweka Kiswahili juu.

Mtembeza_Wageni
Kwa hoteli yenye wateja wa Mwembe Tayari, ndiyo. Lakini kwetu pwani ya Nyali wageni ndio wasiojua mazingira, mwenyeji atauliza. Mimi huweka Kiingereza juu.

Zuhura_Usafi
Mgeni naye anaweza kuuliza. Kuli mwenye gunia mgongoni hawezi.

FundiVibao_Kibokoni
Mkishindwa kukubaliana, chagueni moja na mfuate hiyo kwa vibao vyote vya jengo. Jicho likijua lugha yake iko mstari gani, linakwenda hapo moja kwa moja. Vibaya ni kibao hiki Kiswahili juu na kile chini.

Hashil_Mwembe
Nimempigia fundi wangu asimamishe. Haya ndiyo nitakayompelekea, Kiswahili juu kwa vyote:

Kwenye kona ya ujia: CHOO / TOILET na mshale.
Mlango nusu wa jikoni: JIKONI / KITCHEN kwa ndogo, kisha WAFANYAKAZI TU / STAFF ONLY.
Vibao viwili vya manjano, nyuso zote: pembetatu, PANATELEZA / WET FLOOR.

Lango la nyuma bado. Nimewaonyesha watu kadhaa kwenye simu hapa nje baada ya adhuhuri. HAPANA NJIA wengi walisema "ningezunguka". USIPITE wachache waliniuliza "kwa nini?", na nilipoongeza MAFUTA YA MOTO wakasema "ah, sawa". Sijui niamue vipi. Pengine HAPANA NJIA na mtu wa duara nyekundu, na MAFUTA YA MOTO / HOT OIL chini.

Juma_Likoni
Hiyo ningerudi.

Zuhura_Usafi
Na karai lisogezwe ndani, Hashil. Hata mkiandika dhahabu.

Mama_Samaki_Old_Town
Na mie nipitie wapi kesho, lango la nyuma au ujia wa vyoo?

Hashil_Mwembe
Lango la nyuma mama, ila kabla ya saa moja asubuhi, karai halijawashwa. Nitamwambia kijana akufungulie.